Kukariri darasa au kuvushwa: kipi humbakiza mtoto shuleni, na kipi humfundisha kweli?

Kila Januari, Baraza la Mitihani la Tanzania likishatoa matokeo ya upimaji wa darasa la nne na kidato cha pili, maelfu ya familia hukutana na neno moja: akariri. Aliyeshindwa kufikia kiwango katika darasa la nne anatakiwa kubaki pale pale mwaka mwingine. Wa kidato cha pili vivyo hivyo. Ukivuka mpaka wa Namanga, sheria inageuka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013, kifungu cha 35, inasema mwanafunzi asizuiliwe darasa lolote. Nchi mbili jirani, watoto wanaofanana kwa mengi, na uamuzi unaopingana.

Mzazi anayeitwa ofisini na mwalimu wa taaluma huulizwa swali kana kwamba lina majibu mawili tu: arudie, au apande hivyo hivyo? Nataka kuyaweka majibu hayo mawili bega kwa bega kwa kutumia tafiti zilizofanywa vizuri. Maswali yangu ni mawili na nitayatenganisha, kwa sababu watu huyachanganya kila siku. La kwanza: mtoto atabaki shuleni au ataacha? La pili: atajua kusoma na kuhesabu zaidi ya alivyojua? Kitu kinaweza kusaidia la kwanza kikashindwa la pili, na ndiko ubishi wetu mwingi unakotokea.

Kwanza, mtego wa kulinganisha

Ukimuuliza mwalimu yeyote mwenye miaka mingi kazini, atakwambia waliokariri ndio walioacha shule. Mara nyingi ni kweli. Lakini hilo halitoshi kusema kukariri ndiko kulikowaachisha. Mtoto aliyekaririshwa alikuwa tayari nyuma. Pengine alikuwa mtoro kwa sababu ya kuchunga au kulea wadogo zake, pengine nyumbani hakuna chakula cha mchana. Mambo hayo hayo yaliyomfelisha yangeweza kumtoa shuleni hata angepandishwa.

Watafiti walipata njia ya kulikwepa tatizo hili. Chukua mtihani wenye alama ya kuvuka ya 30. Aliyepata 29 na aliyepata 30 hawana tofauti ya maana: swali moja, bahati kidogo, mafua siku ya mtihani. Ila mmoja anakariri na mwingine anapanda. Ukiwafuatilia wengi wa aina hiyo kwa miaka kadhaa, tofauti itakayojitokeza baina ya makundi hayo mawili unaweza kuihusisha na uamuzi wenyewe, kwa kuwa watoto walikuwa sawa. Tafiti nyingi nitakazozitaja zimetumia njia hiyo au inayokaribiana nayo. Ina mpaka wake: inatuambia habari za watoto walio karibu na mstari, si za yule aliyepata alama 5.

Mtego wa pili ni wa hesabu, na umetugharimu sana Tanzania. Mwaka 2008 serikali iliondoa kizuizi cha kidato cha pili, kila mwanafunzi akawa anaendelea hadi kidato cha nne vyovyote atakavyopata. Waliofanya mtihani huo 2008 walifika kidato cha nne 2010. Ufaulu wa kidato cha nne, uliokuwa karibu asilimia 72 mwaka 2009, ukashuka hadi karibu asilimia 50 mwaka 2010. Mwaka 2012 ukaporomoka zaidi, sifuri zikajaa kwenye matokeo, Waziri Mkuu akaunda tume na matokeo yakapangwa upya. Wengi wakahitimisha kwamba kizuizi kilipoondoka elimu ikafa; kizuizi chenyewe kilikuwa kimesharudishwa kuanzia 2012.

Tazama hesabu yenyewe kwa mfano wa kubuni. Shule ina wanafunzi 100 wa kidato cha pili, na 25 wako chini ya mstari. Kizuizi kikiwepo, 75 wanaendelea, na tuseme 54 kati yao wanafaulu kidato cha nne. Ufaulu ni asilimia 72. Kizuizi kikiondolewa, wote 100 wanaendelea. Wale 54 wanafaulu kama kawaida, na kati ya wale 25 dhaifu wanafaulu 4 tu. Sasa waliofaulu ni 58, lakini ufaulu umesomeka asilimia 58. Shule inaonekana imeanguka kwa alama 14, wakati waliofaulu wameongezeka na hakuna aliyepungukiwa na ujuzi wowote. Kichujio hupandisha asilimia kwa kuwaondoa wadhaifu kwenye kigawanyo.

Sisemi anguko lile lote lilikuwa la kigawanyo. Miaka hiyo hiyo shule za kata zilifunguliwa kwa wingi, nyingi zikiwa na walimu wachache wa sayansi na hisabati na maabara hakuna, na wanafunzi walioingia humo walikuwa wengi kuliko kizazi chochote kilichotangulia. Mambo yote hayo yalikutana kwenye matokeo yale, na ndiyo sababu matokeo hayo hayawezi kutumika kuthibitisha kwamba kizuizi kilikuwa kinafundisha. Mwenye shule anayejivunia ufaulu wa asilimia 100 baada ya kuwakaririsha au kuwahamisha wanafunzi kumi dhaifu mwezi wa pili hajatuonyesha chochote kuhusu ufundishaji wake. Ukitaka kumpima, muulize walioanza darasa la kwanza au kidato cha kwanza walikuwa wangapi, na wangapi kati yao walifika mwisho.

Kuacha shule: hapa kukariri kunapoteza, hasa kwa wakubwa

Utafiti ninaourudia mara nyingi ni wa Marco Manacorda, uliochapishwa 2012, kuhusu shule za sekondari za chini nchini Uruguay. Kanuni ya huko ilikuwa wazi: mwanafunzi aliyefeli zaidi ya masomo matatu, au aliyekosa zaidi ya siku 25 katika mwaka, anarudia darasa. Manacorda aliwalinganisha waliokuwa upande huu na upande ule wa mstari huo. Walioangukia upande wa kurudia waliacha shule kwa kiwango kikubwa zaidi, na hata miaka minne mitano baadaye walikuwa wamesoma madarasa machache kuliko wenzao. Mwaka mmoja waliopotezewa haukufidiwa, ulizaa mingine.

Karibu na kwetu, Pierre André alichunguza shule za msingi za Senegali akauliza swali hilo hilo. Jibu lake ni kwamba uamuzi wa kumkaririsha mtoto unaongeza uwezekano wa mtoto huyo kutokuwepo shuleni mwaka unaofuata. Hilo linatuhusu, kwa kuwa Senegali, kama Kongo na Burundi, ni nchi ya mfumo wa shule wa lugha ya Kifaransa ambamo kukariri ni jambo la kawaida tangu madarasa ya chini, tofauti na nchi zilizorithi mfumo wa Kiingereza.

Lakini umri unabadilisha picha. Jiji la Chicago lilianza 1996 kuwazuia wanafunzi wa darasa la tatu, la sita na la nane waliokosa alama, baada ya kuwapa masomo ya likizo na nafasi ya pili ya mtihani. Brian Jacob na Lars Lefgren waliwafuatilia hadi umri wa kumaliza sekondari. Kwa waliozuiwa wakiwa darasa la sita, kuacha shule hakukubadilika kwa namna ya kuaminika. Kwa waliozuiwa darasa la nane, kuliongezeka.

Kwa nini umri? Fikiri mtoto wa kwetu aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba. Akikariri darasa la pili, ana miaka tisa katikati ya wenye minane, na hakuna anayelitazama. Akikariri kidato cha pili, ana miaka kumi na sita au kumi na saba. Kwa umri huo anaweza kubeba zege, kuendesha bodaboda, kwenda mgodini, kuuza duka la mjomba. Kwa binti, mazungumzo ya posa yameshaanza kusikika sebuleni. Kila mwaka unaoongezwa kabla ya cheti ni mwaka ambao familia inapima kama shule bado inalipa. Na taarifa ya kukariri yenyewe inasomwa kama hukumu: serikali imesema mtoto huyu hawezi. Baba aliyekuwa anasitasita kununua sare mpya amepata sababu.

Hapo kuna jambo ambalo watetezi wa kuvusha wote hulisahau. Elizabeth King, Peter Orazem na Elizabeth Paterno walichunguza shule za jimbo la mpakani kaskazini magharibi mwa Pakistani. Walitenganisha aina mbili za kupanda darasa: kupanda kwa sababu mtoto amejifunza, na kupanda kwa sababu nyingine zisizohusiana na ujuzi. Kupanda kwa kustahili ndiko kulikoongeza uwezekano wa mtoto kuendelea na shule. Ina maana wazazi hawadanganyiki kirahisi. Mama ambaye hakusoma anaweza asijue silabasi, lakini anajua kama mwanawe wa darasa la tano ameshindwa kumsomea ujumbe wa simu. Cheti cha kuvuka darasa hakimfichi hilo. Kuvusha bila kufundisha kunachelewesha kuacha shule, sidhani kunakuzuia.

Kujifunza: hapa hakuna anayeshinda kirahisi

Upande wa ujuzi, watetezi wa kukariri wana hoja yenye mashiko. Jimbo la Minas Gerais nchini Brazili liliingiza utaratibu wa kuvusha moja kwa moja, na Martin Koppensteiner akapima kilichotokea kwa wanafunzi wa darasa la nne. Alama zilishuka. Mshuko ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo, na maelezo yake ni kwamba hofu ya kurudia ilikuwa ikiwasukuma wanafunzi kujitahidi. Hofu ikiondoka na kusiwekwe kitu mahali pake, bidii inapungua. Walimu wa Kenya na Tanzania wanalijua hili bila kusoma jarida lolote: mwanafunzi anayejua atavuka tu huchukulia mtihani wa ndani kama mazoezi. Nadhani wanachokisema walimu hao kinastahili kusikilizwa badala ya kubezwa kama ukale.

Je, kukariri kwenyewe kunafundisha? Jibu linategemea unalinganisha vipi, na hapa ndipo taarifa nyingi za shule zinapopotosha. Mtoto anayerudia darasa la nne atapata alama za juu kuliko alizopata mwaka jana kwenye mtihani wa darasa la nne. Bila shaka atapata. Ameusoma mtaala huo mara mbili na amekua kwa mwaka mzima. Mwalimu anasema, "Unaona, kukariri kumemsaidia." Swali la haki ni jingine: ukimpa yeye na mwenzake wa alama 30, wote wakiwa na umri ule ule, mtihani ule ule wa kusoma, nani yuko mbele?

Jimbo la Florida ndilo lenye ushahidi mzuri zaidi wa jambo hili. Tangu mwaka wa masomo wa 2002/03, mtoto wa darasa la tatu asiyeweza kusoma kwa kiwango kilichowekwa anabakizwa. Lakini sheria haikuishia kwenye kumbakiza. Anayebakizwa anapata kambi ya kusoma wakati wa likizo, anapangiwa mwalimu mwenye rekodi nzuri, na kila siku anapata angalau dakika 90 za kusoma. Guido Schwerdt, Martin West na Marcus Winters walipowafuatilia watoto hao walikuta mafanikio makubwa miaka ya mwanzo. Kisha, wakilinganishwa na wenzao wa umri wao, faida ilipungua mwaka hadi mwaka mpaka ikakaribia kwisha. Kuhitimu sekondari hakukuongezeka wala kupungua, ingawa alama zao za sekondari zilikuwa nzuri kiasi. Hapo ni kwa watoto wa miaka minane na tisa, na kwa msaada ambao shule zetu nyingi hazina.

Sasa linganisha na kinachofanyika kwetu mtoto akikariri darasa la nne. Anarudi kwenye chumba kile kile, mara nyingi kwa mwalimu yule yule, kitabu kile kile, kuanzia ukurasa wa kwanza. Kama alifeli kwa sababu hajui kusoma, mada ya mfumo wa jua haitamfundisha kusoma kwa kurudiwa. Alichokosa kiko darasa la kwanza na la pili, kwenye silabi na kutoa kwa kukopa, na huko harudishwi. Amekaririshwa darasa ambalo si lake.

Ripoti ya kwanza ya Uwezo, mpango unaopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, nchini Tanzania, ya 2010, ilikuta kwamba karibu mmoja kati ya watoto watano waliokuwa darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Watoto hao walipita katika nchi yenye mtihani wa darasa la nne. Upande wa Kenya, Uwezo nako imewakuta watoto wengi wa madarasa ya juu wasioweza kazi ya darasa la pili. Mlango wenye bawabu na mlango ulio wazi vyote viwili vimewapitisha watoto wasiojua kusoma.

Gharama ambayo watoto wengine hulipa

Kuna upande wa kukariri usiozungumzwa kwenye vikao vya wazazi. Tuchukue shule ya msingi inayoingiza wanafunzi 80 wapya darasa la nne kila mwaka, na tuseme robo ya darasa hukaririshwa. Mwaka wa kwanza wako 80, wanabaki 20. Mwaka wa pili ni 80 na 20, jumla 100, wanabaki 25. Mwaka wa tatu ni 105. Idadi itatulia kwenye 107 hivi. Kipindi cha dakika 40 kikigawanywa kwa watoto 80, kila mmoja ana sekunde 30 za mwalimu. Kwa watoto 107 ana sekunde 22. Ruzuku ya uendeshaji Tanzania imekuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka; haijengi chumba kipya wala haiajiri mwalimu kwa ajili ya wale 27 walioongezeka.

Kwa hiyo robo iliyobakizwa inapunguza nafasi ya robo tatu nyingine, na mwaka unaofuata watoto waliokuwa karibu na mstari wanajikuta chini yake. Anayetaka kuona kama shule yake imeingia kwenye mzunguko huu achukue daftari la mahudhurio na atazame madarasa kwa mfululizo. Darasa la nne likiwa limevimba na la tano limekonda ghafla, kukariri na kuacha shule vimeshikana mikono.

Kuvusha nako kuna gharama yake, inakwenda kwa mwalimu wa juu. Mwalimu wa darasa la sita anapokea chumba chenye watoto wanaosoma magazeti na watoto wasiotambua silabi. Mtaala unamtaka amalize mada. Mkaguzi anakagua kama amemaliza mada. Anafundisha wanaomfuata, walio mbele, na wale wa nyuma wanakaa kimya miaka mitatu, mahudhurio yao mazuri, madaftari yao yamejaa maneno waliyonakili ubaoni bila kuyasoma.

Kinachobadilisha matokeo ya pande zote mbili

Mwaka 2005 Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya jaribio katika shule 121 za msingi magharibi mwa Kenya. Shule hizo zilipewa mwalimu wa ziada wa mkataba, darasa la kwanza likagawanywa mikondo miwili. Katika nusu ya shule, watoto waligawanywa bila mpangilio. Katika nusu nyingine waligawanywa kwa uwezo: waliokuwa mbele mkondo mmoja, waliokuwa nyuma mkondo mwingine. Wengi wangetabiri kwamba wa nyuma wangeumia kwa kukosa wenzao wenye akili nyepesi. Baada ya miezi 18, waliogawanywa kwa uwezo walikuwa wamejifunza zaidi, mkondo wa juu na wa chini pia. Mwalimu wa mkondo wa chini aliweza hatimaye kufundisha kuanzia pale watoto wake walipokuwa.

Hakuna aliyekaririshwa katika jaribio hilo, na hakuna aliyeachwa apite akiwa gizani. Shirika la Pratham la India limefanya jambo linalofanana kwa miaka mingi: kwa saa moja au mbili kwa siku, watoto wa darasa la tatu hadi la tano wanapangwa upya kwa kiwango cha kusoma, bila kujali darasa lao, kisha wanarudi madarasani. Majaribio kadhaa ya kulinganisha vikundi yameonyesha watoto wanapiga hatua kubwa kwa wiki chache za kambi. Zambia imechukua utaratibu huo kwenye shule zake za serikali.

Utaratibu huu nao una mahali unapovunjika. Pale saa hiyo inapowekwa baada ya masomo, bila kuonekana kwenye ratiba, walimu huiacha mtihani unapokaribia. Pale mwalimu anapoachiwa vikundi bila kupimwa upya, mtoto aliyeanza kundi la silabi anabaki humo mwaka mzima, na kundi linageuka jina la dharau. Vikundi vinapaswa kubadilika kila wiki kadhaa.

Basi ukiwa umeitwa ofisini

Nitasema msimamo wangu bila kuzunguka. Mtoto wa darasa la kwanza au la pili asiyejua kusoma, ambaye shule inaweza kuonyesha mwaka wa pili utakuwa tofauti kwa mwalimu, kwa vifaa au kwa muda, ningekubali akariri mara moja. Hasa kama alikosa masomo kwa ugonjwa, au alianza akiwa mdogo mno. Umri wake bado unaruhusu, na hapo anarudishiwa kile hasa alichokosa.

Kuanzia darasa la tano kwenda juu ningekataa pale ambapo sheria inaniachia nafasi ya kukataa. Kidato cha pili Tanzania mzazi hana nafasi hiyo. Kanuni ndiyo inayoamua. Hapo kazi yangu ingekuwa kumzuia asiondoke katika ule mwaka wa pili: kuhakikisha Januari amerudi shuleni ndani ya wiki ya kwanza, kwa kuwa asiyeripoti Februari mara nyingi harudi tena, na kumwomba mwalimu wa darasa amfuatilie kwa jina. Kenya mambo ni kinyume. Shule ikikwambia mtoto arudie, hasa shule inayolinda jina lake kwenye mitihani, una kifungu cha sheria mkononi, na unaweza kwenda nacho kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Ila ukishashinda hoja hiyo, mtoto wako amepanda akiwa na pengo lile lile, na pengo hilo sasa ni juu yako na mwalimu wake mpya.

Kabla ya kusema ndiyo au hapana, mpime mwenyewe nyumbani. Haichukui robo saa. Chukua kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili. Mpe silabi kumi, kisha maneno kumi, kisha aya fupi, kisha hadithi ya nusu ukurasa yenye maswali mawili. Simama pale anapokwama, andika tarehe na kiwango. Kwa hesabu, mpe kujumlisha na kutoa kwa tarakimu mbili, kimoja chenye kukopa, halafu kuzidisha. Sasa unajua anakokwama, na maongezi na mwalimu yanabadilika. Badala ya kuuliza mtoto atakaa darasa gani, unauliza nani atamfundisha silabi, siku gani za wiki, kwa kitabu kipi, na lini atapimwa tena. Mwalimu mkuu mwenye majibu ya maswali hayo anastahili kuaminiwa, awe anataka mtoto akariri au avuke. Asiye nayo, uamuzi wake wowote utamwacha mtoto palepale.

Baada ya wiki nane rudia kipimo kile kile. Kama amehama kutoka silabi kwenda maneno, endeleeni hivyo hivyo. Kama hajasogea kabisa ilhali amehudhuria na amefundishwa, usiongeze twisheni kwanza. Mpeleke akapimwe macho na masikio, na mwombe mwalimu amhamishie dawati la mbele tangu kesho yake.